Mfumuko wa Bei na Akiba Yako: Mahali Ambapo Bitcoin, Dhahabu na Hisa Hazilingani na Kapu la Nyumbani

Mfumuko wa bei huila akiba bila kuigusa. Fedha iliyo benki haipungui hata senti moja, na taarifa ya akaunti huonyesha kiasi kile kile au zaidi kidogo, lakini mwenye fedha aendapo dukani hurudi na mfuko mwepesi kuliko wa mwaka uliopita. Kwa sababu hiyo, kila bei zinapopanda kwa kasi, hujitokeza watu wenye ushauri wa aina moja: toa fedha yako katika shilingi, uiweke katika kitu kisichopoteza thamani. Wengine hutaja dhahabu, wengine hisa, na katika miaka ya karibuni wengi zaidi hutaja sarafu za kidijitali, hasa Bitcoin.

Hofu inayowasukuma watu huko ni ya haki. Makala haya hayakusudii kuibeza. Yanakusudia kupima ulinganisho wenyewe, yaani ile hoja kwamba bei ya vitu hivyo hupanda pamoja na bei ya unga, mafuta na karo, au kuipita. Tutaupima kwa kipindi ambacho Wakenya wengi wanakikumbuka vyema: miaka ya 2022 na 2023.

Hasara iliyokuwa ikikimbiwa

Tumchukue mzazi wa kubuni ambaye tarehe 31 Desemba 2021 alikuwa na akiba ya shilingi 100,000. Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu. Mvua zilikosekana kwa misimu mfululizo, vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano, mafuta ya kupikia na mbolea duniani, na katikati ya mwaka 2022 pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi ilipita shilingi 200. Mnamo Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifikia asilimia 9.6 kwa mwaka. Ulipofika Desemba 2022 ulikuwa asilimia 9.1, na Desemba 2023 asilimia 6.6.

Tukizidisha viwango hivyo viwili vya Desemba, tunapata kipimo cha kesi yetu. Bidhaa zilizonunuliwa kwa shilingi 100,000 mwishoni mwa 2021 zilihitaji takriban shilingi 109,100 mwishoni mwa 2022, na takriban shilingi 116,300 mwishoni mwa 2023. Hicho ndicho kiasi ambacho akiba ilipaswa kufikia ili mzazi huyu asirudi nyuma. Tuseme akaunti yake ya kawaida ya akiba ilimpa riba ya asilimia 3 kwa mwaka. Baada ya mwaka mmoja angekuwa na shilingi 103,000, yaani pungufu ya shilingi 6,100. Baada ya miaka miwili angekuwa na takriban shilingi 106,100, pungufu ya zaidi ya shilingi 10,000.

Hiyo si hasara ndogo kwa familia. Ni vizuri, hata hivyo, kuitazama umbo lake: ni hasara ya polepole, inayojulikana mapema kwa kiasi fulani, na haitokei kwa usiku mmoja. Umbo hilo litatufaa tutakapoangalia mahali ambapo fedha hiyo ingekimbilia.

Bitcoin: tarehe ndiyo huamua

Hoja ya wanaoipendekeza Bitcoin ni fupi na ina mvuto. Serikali inaweza kuongeza fedha katika mzunguko, lakini idadi ya Bitcoin haitazidi milioni 21. Kitu kisichoweza kuongezwa, wanasema, hakiwezi kupungukiwa na thamani. Sehemu ya kwanza ya hoja hii ni kweli. Sehemu ya pili haitokani na ya kwanza, kwa sababu bei ya kitu haiamuliwi na uchache wake peke yake. Huamuliwa pia na idadi ya watu wanaokitaka siku hiyo na fedha walizo nazo mkononi. Hakuna kodi ya nyumba, mazao wala faida inayotokana na Bitcoin ambayo ingeizuia bei isishuke pale wanunuzi wanapoondoka.

Mwishoni mwa 2021 Bitcoin moja iliuzwa kwa takriban dola 46,300. Mwezi mmoja na nusu kabla yake ilikuwa imekaribia dola 69,000, na mwanzoni mwa mwaka huo ilikuwa karibu dola 29,000. Yeyote aliyeonyeshwa mchoro wa bei wakati huo aliona mstari unaopanda mlima. Mwaka mmoja baadaye, mwishoni mwa 2022, bei ilikuwa takriban dola 16,550. Katikati ya kipindi hicho, mwezi Mei, sarafu iliyoitwa TerraUSD, ambayo ilitangazwa kuwa daima ingebaki sawa na dola moja, iliporomoka. Mwezi Novemba kampuni kubwa ya kubadilishia sarafu za kidijitali, FTX, iliomba ulinzi wa kufilisika, na wateja wake wakazuiwa kutoa fedha zao.

Kwa viwango vya dola vya wakati huo, shilingi 100,000 za mzazi wetu zingekuwa zimebaki takriban 39,000 mwishoni mwa 2022, ilhali mahitaji yake yalikuwa yamefika 109,100. Angalia sasa jambo la kushangaza. Kama angeweza kusubiri mwaka mmoja zaidi bila kugusa chochote, angekuwa na takriban shilingi 126,000, yaani zaidi ya mfumuko wa bei. Majibu yote mawili ni ya kweli. Mtetezi wa Bitcoin atakuonyesha mwisho wa 2023, na mpinzani wake atakuonyesha mwisho wa 2022. Lakini ikiwa akiba hiyo ilikuwa ya karo ya Januari 2023, tarehe ilichaguliwa na shule, wala si na mzazi.

Hapa ndipo ulinganisho unapovunjika kwa mara ya kwanza. Mfumuko wa bei hudai sehemu yake kila mwezi. Kinga inayoweza kufanya kazi katika mwaka wa pili, baada ya kuteketeza sehemu tatu kati ya tano za akiba katika mwaka wa kwanza, si kinga kwa mtu mwenye mahitaji ya kila mwezi. Inaweza kuwa kamari yenye faida. Hilo ni jambo jingine.

Dhahabu, na dola iliyojificha ndani yake

Dhahabu ina sifa bora zaidi, na katika kipindi chetu ilistahili sehemu ya sifa hizo. Mwishoni mwa 2021 aunsi moja, ambayo ni takriban gramu 31.1, ilikuwa na bei ya karibu dola 1,829. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa karibu dola 1,824, na mwishoni mwa 2023 karibu dola 2,063. Kwa shilingi, laki moja ya mzazi wetu ingekuwa takriban 108,800 baada ya mwaka mmoja, karibu sawa kabisa na kupanda kwa bei, na takriban 156,000 baada ya miaka miwili.

Soma tena tarakimu za mwaka wa kwanza. Bei ya dhahabu kwa dola haikupanda, ilishuka kidogo. Faida yote ilitoka wapi basi? Ilitoka katika shilingi kushuka thamani. Dola moja ilikuwa takriban shilingi 113 mwishoni mwa 2021, shilingi 123 mwishoni mwa 2022, na zaidi ya shilingi 156 mwishoni mwa 2023. Mtu aliyeweka dola za kawaida tu, bila dhahabu yoyote, angekuwa na takriban shilingi 109,000 na kisha 138,000 katika tarehe hizo mbili. Kwa maneno mengine, Mkenya anayenunua dhahabu hununua vitu viwili kwa pamoja: madini yenyewe, na dola ambayo hutumika kuyapangia bei. Ndivyo ilivyo pia kwa Bitcoin. Sehemu kubwa ya kile kinachosifiwa kuwa nguvu ya dhahabu katika miaka hiyo ilikuwa udhaifu wa shilingi.

Udhaifu huo haukudumu. Soko lilikuwa na wasiwasi kuhusu mkopo wa dola bilioni 2 ambao Kenya ilipaswa kuulipa Juni 2024. Mwezi Februari 2024 serikali ilipouza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kuanza kuulipa mkopo huo mapema, wasiwasi ulipungua na shilingi ikaimarika ghafla kutoka karibu 160 kwa dola. Mwishoni mwa mwaka huo dola ilikuwa takriban shilingi 129. Waliokimbilia dola mnamo Januari 2024, wakati kila mtu alipokuwa akisema shilingi imekwisha, walipoteza karibu moja ya tano ya fedha zao kwa shilingi, huku bei za bidhaa madukani zikiendelea kupanda, ingawa kwa kasi ndogo zaidi.

Wako wanaosema kwamba dhahabu haiangaliwi kwa mwaka mmoja au miwili, bali kwa kizazi. Basi na tuiangalie kwa kizazi. Januari 1980, Marekani ikiwa katikati ya mfumuko mkubwa wa bei, dhahabu ilipanda hadi dola 850 kwa aunsi. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 250. Katika miaka hiyo bei za bidhaa nchini Marekani zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Aliyenunua siku ile ya Januari alisubiri mpaka mwaka 2008 ili tu aione tena dola 850, na wakati huo dola 850 zilinunua sehemu ndogo ya kile zilichokuwa zikinunua mwanzo. Alinunua kwa hofu ya mfumuko wa bei, na mfumuko wa bei ukamshinda akiwa na dhahabu mkononi.

Liko jambo la kawaida zaidi ambalo michoro ya bei haionyeshi kamwe: gharama ya kuingia na kutoka. Bei inayotangazwa ni ya dhahabu safi ya karati 24 katika soko la kimataifa. Mkufu wa karati 18 una dhahabu robo tatu tu, na sonara hutoza kazi ya mikono yake pamoja na faida yake. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba katika kila shilingi 100 ulizolipa, dhahabu halisi ni ya shilingi 87, na kwamba utakapouza, mnunuzi atakupa asilimia 10 chini ya thamani ya dhahabu iliyomo. Laki moja ingekuwa takriban shilingi 85,000 baada ya mwaka mmoja na takriban 122,000 baada ya miwili. Zile 156,000 za kwenye mchoro hazikuwahi kuwa zake. Tena huo ni mfano wa mkufu halali. Nairobi imejulikana mno kwa ulaghai wa dhahabu bandia, ambapo mnunuzi huonyeshwa sampuli ya kweli na kukabidhiwa kitu kingine.

Hisa, na dawa inayomdhuru mgonjwa

Hoja kuhusu hisa ina mantiki zaidi ya zote. Hisa ni sehemu ya kampuni, kampuni huuza bidhaa, na bei za bidhaa zikipanda mapato ya kampuni nayo hupanda. Kwa hiyo mwenye hisa husimama upande wa muuzaji, si wa mnunuzi. Kwa miongo mirefu na kwa kampuni nyingi zikichukuliwa pamoja, katika nchi kadhaa hoja hii imethibitika. Kwa kipindi chetu haikusaidia hata kidogo.

Chukua hisa za Safaricom, ambazo Wakenya wengi walizijua tangu zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja. Mwishoni mwa 2021 hisa moja ilikuwa shilingi 37.95. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa shilingi 24.15, na mwishoni mwa 2023 shilingi 13.90. Laki moja ilishuka hadi takriban 63,600, kisha 36,600. Gawio la miaka hiyo miwili kwa hisa hizo halikufika shilingi 7,000. Kampuni haikufilisika, iliendelea kupata faida. Wala halikuwa tatizo la kampuni moja: kipimo cha hisa zote katika Soko la Hisa la Nairobi kilishuka kwa takriban asilimia 45 katika kipindi hicho.

Sababu yake inafaa kueleweka, kwa kuwa itajirudia. Mfumuko wa bei unapopanda, benki kuu hupandisha riba ili kupunguza mikopo na matumizi. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 katikati ya 2023. Benki Kuu ya Kenya nayo ilitoka asilimia 7 ikafika 12.5 mnamo Desemba 2023. Tajiri wa kigeni aliyekuwa akinunua hisa Nairobi kwa sababu mikopo ya serikali ya Marekani haikumpa chochote, sasa aliweza kupata asilimia 5 nyumbani bila hatari. Akauza hisa zake. Akatafuta dola za kuondokea, na kwa kufanya hivyo akaiongezea shilingi udhaifu. Riba hiyo hiyo ndiyo iliyochangia kuiangusha Bitcoin mwaka 2022.

Kwa hiyo hisa na sarafu za kidijitali zilishuka wakati bei za bidhaa zinapanda, na hiyo haikuwa bahati mbaya. Zilishushwa na dawa ile ile inayotumika kutibu mfumuko wa bei. Anayenunua vitu hivi baada ya kusikia habari za bei kupanda, kwa kawaida hufika wakati dawa inaanza kutolewa. Mwaka 2024 soko la Nairobi lilianza kupata nafuu, lakini wengi wa waliohitaji fedha walikuwa wameshauza.

Kinachofanya ulinganisho uwe wa haki

Ipo hali ambayo karibu kila kitu ni bora kuliko fedha ya nchi. Zimbabwe mwaka 2008 ilikuwa hivyo: bei zilibadilika kutoka asubuhi hadi jioni, na Januari 2009 ilitolewa noti ya dola trilioni 100 za huko. Mtu katika hali hiyo hahitaji kupima. Sukari au sabuni ingemtunzia akiba vizuri zaidi. Makosa hutokea pale hoja iliyozaliwa katika hali kama hiyo inapohamishiwa nchi yenye mfumuko wa asilimia 7 au 9. Kwa kukimbia hasara ya shilingi 6,100, mzazi wetu angeweza kuingia katika hasara ya shilingi 61,000.

Ulinganisho wa haki pia haupaswi kuishia kwenye akaunti ya akiba yenye riba ndogo, ambayo wauzaji hupenda kuitumia kwa sababu kuishinda ni rahisi. Serikali huuza hati za Hazina za siku 364. Mwishoni mwa 2021 zilitoa riba ya zaidi ya asilimia 9, na mwaka mmoja baadaye zaidi ya asilimia 10, kabla ya kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba. Laki moja iliyowekwa huko na kurudishwa tena baada ya mwaka ingefika takriban shilingi 117,000 mwishoni mwa 2023, ikiuzidi mfumuko kidogo tu. Haivutii kuisimulia, na ndiyo maana husikii ikisimuliwa. Mwenye hati hizo naye hufungwa kwa mwaka mzima, na akitaka kutoka mapema hukatwa.

Kabla ya kukubali mchoro wowote wa bei unaoonyeshwa, muulize anayeuonyesha mambo matatu. Kwa nini mchoro unaanza tarehe hiyo, na unaonekanaje ukianza mwaka mmoja baadaye? Bei hizo ni za dola au za shilingi, na ni kiasi gani cha faida kilitokana na kushuka kwa shilingi? Na mimi leo nikinunua na kukuuzia wewe mwenyewe kesho asubuhi, utanipa shilingi ngapi? Swali hili la tatu humaliza mazungumzo mengi.

Jua pia mahali ulipo endapo mambo yataharibika. Amana katika benki yenye leseni hulindwa na Shirika la Bima ya Amana hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Ulinzi huo hauhusu hisa, dhahabu wala sarafu za kidijitali. Dalali wa hisa lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na jina lake linaweza kuthibitishwa katika orodha ya Mamlaka kabla ya kumkabidhi fedha. Ukinunua dhahabu, dai risiti yenye uzito kwa gramu, kiwango cha karati, na gharama ya kazi ya sonara ikiandikwa kando na thamani ya dhahabu.